Kima cha Kasha la Kiongoroni

Mume wangu Shaabani alikuwa karani wa kambi ya boriti ya Kiongoroni, na kasha la fedha la kampuni lilikaa chini ya kitanda chetu. Nalisema hilo mapema nisije nikaulizwa mwanamke wa nyumbani ameyajuaje mambo ya ofisi. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba chetu cha mbele, na ukuta wa fito na udongo hauzuii maneno. Nimeyasikia yote, hata yale ambayo ningependa nisiyasikie.

Kampuni ilikuwa ya Mzee Bachubhai, Mhindi wa Kibiti, Mwislamu wa madhehebu yao. Watu wake walikata mikoko, boriti zikapelekwa Dari Salama na kutoka huko zikapakiwa kwenda Uarabuni. Kiongoroni iko mwisho kabisa, karibu na bahari, na kijito chetu hakiingiliki na mashua kubwa ila maji ya bamvua yakijaa, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Katikati ya hapo ni maji mafu, na mashua ya kampuni haitii mguu. Kwa hiyo Shaabani aliachiwa masurufu, yaani fedha ya kutumia ndogondogo bila kungoja Kibiti: mafuta ya taa, kamba, kunoa mashoka, maji ya kunywa yanapoletwa kwa mitumbwi, stempu za barua.

Mambo ya masurufu ni mepesi, hata mimi nisiyesoma niliyashika. Unakabidhiwa kima maalumu, tuseme shilingi mia na hamsini, na ndicho kilichokuwa kima chetu. Ukitoa shilingi moja unaweka karatasi mahali pake, vocha wanaiita, na aliyepokea anatia sahihi au dole gumba. Siku yoyote tajiri akifungua kasha, fedha iliyobaki na vocha zikijumlishwa lazima zitimie mia na hamsini. Vocha zikienda Kibiti, unarudishiwa thamani ya vocha zile, si senti zaidi, na kasha linajaa tena. Na kila vocha lazima iwe na kasma yake, fungu lililopangwa kwenye bajeti ya mwaka. Mafuta yana kasma, kamba ina kasma. Mtu kufa hakukuwa na kasma.

Nao watu walikufa. Walianguka, waliumwa na nyoka, walipatwa na homa. Mara ya kwanza alikuwa mke wa mkata boriti, aliyefariki kwa uzazi, na Shaabani akatoa fedha ya sanda na ya mashua ya kwenda kuwaleta ndugu zake. Mzee Bachubhai alipokuja na bamvua akafungua kasha, akakuta pungufu.

"Vocha iko wapi, karani?"

"Mzee, nimshike mfiwa kidole nikichovye kwenye wino, mkewe hajazikwa?" Shaabani alimjibu. "Miye siwezi."

Mzee Bachubhai akatia mkono mfuko wa shati, akatoa noti zake mwenyewe, akalijaza kasha mpaka likatimia. "Hii yangu, si ya vitabu," alisema. "Ikitokea tena, toa. Nikija nitarudisha. Wala usimwambie mtu, usiniharibie."

Basi ikawa hivyo miaka yote. Kasha lilikopesha misiba, Mzee akija anarudisha kwa mkono, na karatasi hazikujua kitu. Mtu mgonjwa, ndugu zake waliletwa. Mtu akifa, alizikwa na watu wake. Wakata boriti wa Ikwiriri, wa Kibiti, wa Maparoni, walikubali kuja kukaa matopeni kwetu kwa sababu hiyo zaidi ya mshahara. Mshahara wenyewe ulikuwa wa kucheka.

Mzee Bachubhai alifariki mwaka ule wa pili baada ya Malkia wa Waingereza kutawazwa. Tulikwenda Kibiti kutoa rambirambi, mimi nikakaa ndani na mjane wake, Mama Nurjehan, Shaabani akaitwa dukani mbele. Kati yetu na wao palikuwa na pazia tu. Aliyemwita ni Haiderali, mtoto wa ndugu yake marehemu, kijana aliyesomea uwekaji hesabu Dari Salama. Sitamsingizia. Hakuwa mwenye kiburi wala mchoyo. Aliongea Kiswahili kama sisi, kazaliwa palepale Kibiti, na alimpa mume wangu kiti kabla ya kukaa yeye.

"Karani Shaabani," alisema, "bei ya boriti imeshuka, bajeti ya mwaka huu imebana. Nimejumlisha vocha zako za miezi sita. Kwa mwezi unatumia kama shilingi arobaini na nane. Nimepiga hesabu sawa?"

"Sahihi, bwana."

"Sasa kasha la mia na hamsini la nini? Shilingi mia zinalala bure chini ya kitanda. Zinakutia hatarini wewe mwenyewe, mwizi akisikia. Naweka kima cha sitini. Matumizi ya mwezi mmoja na akiba kidogo juu. Na kujaza iwe mara moja kwa mwezi, si kila mashua inapokuja. Vocha zikija mbilimbili na tatutatu zinanichanganya."

Kisha akauliza, na nayasema maneno yake kama yalivyokuwa maana yalinichoma tangu siku ile: "Kuna matumizi mengine huko ambayo hayamo kwenye vocha hizi?"

Mimi nyuma ya pazia nikakaa wima. Nikasema moyoni, sema, baba, ndiyo wakati wake.

"Hakuna," alisema mume wangu.

"Una hakika? Nikishaweka, ni kwa mwaka mzima."

"Nina hakika, bwana."

Mama Nurjehan alinitazama, nikainamisha kichwa. Sikujua kama yeye alijua. Mpaka leo sijui.

Njiani kurudi, tukiwa juu ya lori la mpunga, nilimgeukia. "Baba Siti, kwa nini hukusema?"

"Ningesemaje? Marehemu alitoa kwa siri kwa ajili ya Mungu. Nimtangaze dukani kwake, matanga hayajaanuliwa? Halafu nionekane nadai, kwamba alichotoa kwa moyo sasa warithi walipe kwa lazima?"

"Usitangaze jina. Sema kuna misiba."

"Angeuliza iliyopita ililipwa na nani."

Kwa adabu zetu alikuwa amesema sawa. Ndiyo maana nikisikia watu wanasifia adabu bila kipimo mimi hukasirika. Kijana wa watu aliuliza swali lililo sawa, akapewa jibu la heshima, akaenda akapanga kima kwa jibu hilo. Angejuaje?

Kulikuwa na jambo la pili, nalo yeye ndiye hakuliuliza. Alipanga kwa kalenda, na sisi tunaishi kwa maji. Vocha zilikwenda Kibiti na mashua ya bamvua moja, fedha ikarudi na bamvua ya pili. Yaani baada ya kupeleka vocha tulikaa nusu mwezi mwingine na kilichobaki. Sitini ya mwezi mmoja ikawa ya mwezi na nusu. Hata bila msiba wowote haikutosha.

Miezi iliyofuata Shaabani alijaribu. Mzee mmoja wa Maparoni alishikwa na ngiri, akapelekwa bara na Bashiru wa pale kijijini, mwenye mashua ndogo isiyongoja bamvua, kwa mkopo. Binti wa mpishi wa kambi naye akaugua, akapelekwa kwa mkopo vilevile. Mshahara wa mume wangu uliishia kwenye sanda na unga wa wafiwa. Mbuzi wetu wawili walikwenda. Akaandika barua kuomba kima kiongezwe, na Haiderali akajibu kwa upole kabisa: "Nioneshe kwa vocha kwamba sitini haitoshi, nitaongeza siku hiyohiyo." Hilo nalo lilikuwa jibu sahihi. Shaabani akaisoma barua mara mbili, akaikunja, akasema haya mambo yatapita.

Ndipo Huseni akaugua.

Huseni alikuwa kijana wa Ikwiriri, mtoto wa pekee wa mama yake, Mwanabibi. Alikuwa mcheshi, mtundu, akiniita shangazi ingawa hatukuwa na undugu. Aliwahi kunieleza kilichomtoa nyumbani. Mama yake alikuwa amevuna ufuta, kauweka ndani asubiri bei, na yeye akauuza bila kumwambia, akanunua baiskeli. Mama akamfukuza mbele ya majirani: "Toka, na radhi yangu huna." Alinihadithia huku akicheka, lakini kicheko chenyewe kilikatika kabla hajamaliza. Alikuwa akidunduliza arudishe fedha ya ufuta, ndipo amrudie mama yake. "Siwezi kwenda mikono mitupu, shangazi. Nikifika na fedha ataniridhia."

Shoka lilimkata juu ya kifundo cha mguu, jeraha dogo, akalifunga kwa kitambaa akaendelea kuingia matopeni. Baada ya wiki taya likaanza kumkaza. Dresa wa serikali, mfunga vidonda aliyekuwa akizunguka vijijini, alipita siku ile, akamtazama, akatutoa nje.

"Ni pepopunda," alisema. "Dawa yake hapa sina. Mkimbeba kwenye mashua mtamuua njiani, kila mkimgusa mwili unampinda. Mwekeni penye giza na kimya. Ana siku chache."

Tulimlaza chumba cha nyuma, kwangu. Pepopunda ni ugonjwa mkatili kwa kuwa akili haiondoki. Mwili unapindika, lakini macho yanakuona na yanakujua. Alipoweza kupenyeza neno kati ya meno alinena moja tu.

"Mama."

Nikainama. "Tutamwita, baba."

"Radhi," alisema. "Aniridhie. Nisife bila yake."

Sina haja ya kumweleza mtu wa kwetu hilo ni jambo gani. Tuliamini, na mimi naamini bado, kwamba mtoto aliyenyimwa radhi na mama yake hafi kwa raha wala halali kwa raha. Na mama alikuwepo, mzima, Ikwiriri. Ni mashua nusu siku mpaka Nyamisati, kutoka hapo lori la Kibiti, na Kibiti hadi Ikwiriri lori jingine. Akitumwa mtu leo, kesho kutwa mama yuko hapa. Dresa alisema siku chache. Siku zilitosha, kasoro fedha tu.

Shaabani akavuta kasha, akafungua. Shilingi saba. Vocha za hamsini na tatu zilikwishakwenda Kibiti na bamvua iliyopita, na fedha yake ingerudi na bamvua ijayo. Siku ile maji yalikuwa mafu. Akageuza mfuko wa koti lake mwenyewe, mkatoka ufunguo na kipande cha penseli.

Alikwenda kwa Bashiru, mimi nyuma yake. Bashiru hakuwa mtu mbaya. Mashua yenyewe haikuwa yake, alikodi, na tajiri wake alitaka kodi kila wiki, mashua iende isiende. Alikuwa akishona tanga mlangoni, na watoto wake wamekaa kimya ule ukimya wa njaa. Ilikuwa masika, mpunga bado shambani, hakuna nyumba iliyokuwa na kitu.

"Bwana Shaabani," alisema kabla hajaulizwa, "safari mbili bado hujanilipa."

"Najua, ndugu yangu. Hii ni ya mtu anayekufa."

"Na zile mbili zilikuwa za nani? Enzi za Mzee Bachu ulinipa mkononi kabla sijafungua kamba. Sasa kila safari ni nitakupa, nitakupa. Vijana wangu wawili hawapigi kasia kwa nitakupa. Nipe thelathini na sita ya safari hii, na nauli za lori humo humo, nakwenda sasa hivi. Zile za zamani nitangoja."

Tulipita nyumba kwa nyumba kuchanga. Watu walitoa walichokuwa nacho, na walichokuwa nacho ni shilingi nne kasoro na mchele wa kibaba. Mmoja akajitolea kwenda na mtumbwi wake wa kuchonga, mkewe akamshika shati akalia, kwani pepo za kusi zilikuwa zimeanza na ule mlango wa bahari unameza mitumbwi. Hatukumlaumu mke.

Na fedha ilikuwepo. Hilo ndilo linalonitia uchungu mpaka leo. Chini ya kitanda kilekile, kando ya kasha, palikuwa na mfuko wa turubai wa mishahara ya kambi nzima, ulioletwa na bamvua iliyopita, umefungwa uzi na kugongwa lakiri nyekundu. Siku ya malipo ilikuwa bado. Sheria ya kampuni, na hiyo hata Mzee Bachubhai aliishika, ni kwamba fedha ya mishahara na masurufu hazichanganywi, na lakiri haivunjwi ila siku ya malipo, mbele ya mashahidi.

"Vunja," nilimwambia.

"Tabu, ile si fedha yangu wala ya kampuni. Ni jasho la watu."

"Mgonjwa mwenyewe ni mmoja wa hao watu! Mshahara wa Huseni umo humo."

"Wake haufiki thelathini na sita, mwezi huu kafanya kazi nusu. Nikivunja, naitwa mwizi. Watanipeleka bomani Utete, kwa Bwana DC. Siti atakula nini?"

Nilimwambia maneno ambayo mke hamwambii mumewe. Nilimwambia alikuwa radhi kumtunzia heshima marehemu, kumtunzia heshima tajiri, kuutunzia heshima mfuko, na kwamba aliyekosa mtunzaji ni yule aliyekunjika chumbani kwangu. Alikwenda kukaa penye meza yake ya kazi, akaupakata ule mfuko, akabaki hivyo. Usiku ukapita, na siku ikapita. Mara nne au tano alisimama akaja mlangoni kumtazama Huseni, na kila mara Huseni alimtazama yeye usoni, kisha nyuma yake, kama kuna mtu anamfuata.

Siku ya pili asubuhi taya lilikuwa limefunga kabisa. Hakuweza tena kusema mama. Shaabani akatoka chumbani, akawaita Bashiru na imamu wa kijiji, akaweka mfuko mezani, akaivunja lakiri kwa kisu cha samaki. Akahesabu shilingi thelathini na sita mbele yao na kumpa Bashiru mkononi. Nyingine zikaanguka chini, tukaziokota wote.

Bashiru hakukawia. Alichukua barua, akaruka mashuani, na kama kuna mtu aliyepiga kasia siku ile kwa moyo wake wote ni yeye.

Huseni alifariki kesho yake baada ya swala ya adhuhuri. Nilikuwa nimekaa naye. Nilimwambia, "Mama yuko njiani, baba, yuko njiani," na haukuwa uongo. Sijui alisikia. Macho yalikuwa mlangoni. Maiti haiwekwi kwa masika yale, wala dini haitaki iwekwe, tukamwosha na kumkafini, akazikwa alasiri chini ya minazi ya nyuma ya msikiti.

Mwanabibi alifika asubuhi iliyofuata. Mwanamke mfupi, mweusi, kajifunga kaniki, na kifurushi kichwani. Alishuka mashuani na maji yakamfika magotini, akanyoosha njia kuja kwangu bila kuonyeshwa, huku akiita, "Yuko wapi? Huseni! Nimekuja, mwanangu, nimekuja!" Wanawake waliokuwa barazani walianza kulia, ndipo akasimama.

Tulimpeleka kaburini. Alipiga magoti, akaweka viganja vyote viwili juu ya udongo uliokuwa bado na maji.

"Nilikuridhia siku ileile," alisema. "Ulipokunja kona ya msikiti nilikuwa nimekwisha kukuridhia. Nilidhani utarudi jioni. Ningekufuata, lakini niliona haya kwa majirani." Akafungua kifurushi. Ndani kulikuwa na visheti, alivyovikaanga usiku Bashiru alipofika na barua, kwa sababu Huseni alivipenda. Alivishika tu, hakujua avifanyeje, mpaka mimi nikampokea.

Alikaa kwangu mpaka bamvua. Hakuwa akilia sana. Alikaa chumba kile cha nyuma, akaniuliza kila kitu: alilala upande gani, alisema nini, alisema mara ngapi. Nilimjibu yote isipokuwa moja. Aliponiuliza, "Alianza kuniita lini?" nilitoka nje kwa kisingizio cha ukuni. Ningemwambiaje kwamba palipita siku mbili na fedha iko chini ya kitanda?

Maji yakajaa, mashua ya kampuni ikaingia, na safari hii Haiderali alikuja mwenyewe. Shaabani hakungoja kuulizwa. Aliuweka mezani mfuko uliovunjwa lakiri, akamwita imamu kushuhudia, akaeleza tangu mwanzo. Alieleza safari hii hata habari ya Mzee Bachubhai na mfuko wake wa shati. Mwanabibi alikuwa amekaa sakafuni karibu na mlango, na hakuna aliyepata ujasiri wa kumtoa.

Haiderali alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema polepole, "Nilikuuliza, Shaabani. Nilikuuliza mara mbili."

"Uliniuliza, bwana."

"Ungesema, ningeweka. Kwani ningekataa? Baba mkubwa ndiye aliyenilea!" Alivua miwani akaifuta, na aliendelea kuifuta hata ilipokwisha kuwa safi. Nilitaka nimchukie siku ile, nilikuwa nimejiandaa kabisa, nikashindwa.

Akavuta karatasi. Alimwambia Shaabani ataje yote: misiba ya miaka mitatu nyuma, mashua, sanda, unga, kwa kumbukumbu. Akajumlisha. Akaongeza siku za vocha kwenda na fedha kurudi. Kima kipya kikawa mia na arobaini, na kujaza iwe kila bamvua, kwa mwezi wa mbinguni na si wa ukutani. Kisha akaandika kasma mpya kwenye bajeti: Ugonjwa na Misiba. Deni la Bashiru likaingizwa humo. Kazi yote haikuchukua hata muda wa kuchemsha chai. Nilisimama pale mlangoni na birika mkononi, nikatazama jambo lile dogo jinsi lilivyokuwa rahisi.

"Bado thelathini na sita," alisema Haiderali. "Lazima zirudi kwenye mfuko wa mishahara leo, kabla ya malipo. Nazilipa kutoka kasma hii. Lakini nataka vocha."

"Bwana," alisema Shaabani.

"Nataka vocha, Shaabani. Najua ni ngumu. Kilichotufikisha hapa ni huruma isiyoandikwa. Bashiru atatia lake la kupokea, na aliyebebwa na safari hiyo atie dole gumba kuthibitisha safari ilikuwepo."

Mume wangu alishika kalamu lakini hakuandika. Mwanabibi ndiye aliyenyanyuka. Alikuja mezani, akauliza, "Kidole kipi?"

"Mama, si lazima—" Shaabani alianza.

"Andika, mwanangu. Hii ni kazi yako."

Shaabani akaandika, akasogeza kidau cha wino. Mwanabibi akachovya kidole gumba, akakiinua juu, kisha akasita.

"Umeandika nini hapo?"

Shaabani akamsomea: "Shilingi thelathini na sita. Mashua na lori. Kumleta Bi Mwanabibi kutoka Ikwiriri kuja kumwona mwanawe Huseni, mgonjwa."

Wino ulikuwa ukimtiririka mkononi. Aliitazama karatasi ile ambayo hakuweza kuisoma.

"Vocha si inataka ukweli?" aliuliza.

"Ndiyo, mama," alisema Haiderali.

"Basi futa hapo. Mimi sikumwona."

Vocha haifutwi wala haikwanguliwi, hiyo nayo ni sheria. Shaabani aliichana, akachukua karatasi nyingine, na kwa muda mrefu tulisimama wote tukimngoja aandike.